Uso Unaoujua, Mtu Usiyemjua: Jinsi GAN na Otoenkoda Zinavyobadilisha Sura Kwenye Video

Tuanze na mfano. Ni saa tatu usiku, umemaliza kula, simu inalia. Ni simu ya video kutoka kwa namba ambayo hujaihifadhi. Unapokea, na kwenye skrini kuna uso wa mpwa wako anayesoma Eldoret.

"Anti, habari ya jioni. Simu yangu imeibiwa, hii ni ya rafiki. Nimeanguka na bodaboda, niko hospitali na wanataka elfu nane ndio wanishughulikie. Nitumie kwa hii namba, tafadhali."

Netiwaki ni mbaya, sauti inakatika, picha inaganda kisha inaendelea. Baada ya sekunde 40 simu imekatika. Lakini umemwona. Uso ni wake, macho ni yake, hata ile alama ndogo juu ya nyusi ipo. Kidole chako tayari kiko kwenye menyu ya kutuma pesa.

Ukiwauliza watu wengi namna ya kutambua video ya aina hii, watakuambia, "Angalia kama uso una ukungu." Ushauri huo ulikuwa mzuri wakati wake. Tatizo ni kwamba ulifaa kwa aina moja ya programu, ile inayoitwa otoenkoda. Siku hizi kuna aina nyingine, GAN, ambayo hufunzwa makusudi kuondoa ukungu huo. Kwa hivyo leo tutafungua boneti tuone injini zote mbili. Ukielewa zinavyotofautiana, utajua ni nini cha kuangalia, na ni kitu gani hupaswi kukiamini tena.

Kwanza, ni nini hasa kinachobadilishwa?

Watu hudhani kompyuta humtengeneza mtu mzima. Hapana. Kwa kawaida tapeli hukaa mbele ya kamera yake mwenyewe, au huchukua video ya mtu mwingine yeyote, halafu programu hubadilisha sehemu ya katikati ya uso peke yake: kuanzia nyusi hadi kidevu, na kutoka shavu hadi shavu. Nywele, masikio, shingo, mabega na mikono hubaki za yule mwigizaji.

Kazi hufanywa picha kwa picha. Programu huutafuta uso ndani ya picha, huweka alama kwenye macho, pua na mdomo, hukata kipande cha uso na kukinyoosha kiwe wima. Kisha hutengeneza uso mpya wenye mkao uleule, huubandika pale ulipotoka wa zamani, na kusawazisha rangi ili mshono usionekane. Video ya picha 25 kwa sekunde ikichukua sekunde 40, kazi hiyo imerudiwa mara 1,000.

Hatua hizo karibu zote zinafanana katika mifumo yote. Tofauti iko kwenye hatua moja tu, pale uso mpya unapotengenezwa. Hapo ndipo otoenkoda na GAN zinapoachana.

Otoenkoda: fundi anayebana na kubanua

Mwishoni mwa mwaka 2017, mtu aliyejiita "deepfakes" kwenye mtandao wa Reddit alianza kuweka video ambazo nyuso za waigizaji maarufu zilikuwa zimebandikwa kwenye miili ya watu wengine. Jina lake ndilo limekuwa jina la kitu chenyewe duniani kote. Njia aliyotumia ilikuwa otoenkoda.

Otoenkoda ina vipande viwili. Kipande cha kwanza, enkoda, huchukua picha na kuibana iwe orodha fupi ya namba. Kipande cha pili, dikoda, huchukua orodha hiyo na kuijenga tena picha. Jina dikoda unalijua kutoka sebuleni kwako, na wazo halitofautiani sana: kitu kimefika kikiwa kimebanwa, dikoda inakifungua.

Katika toleo lile la mwanzo, picha ya uso ilikuwa ndogo sana, pikseli 64 kwa 64. Kila pikseli ina namba tatu za rangi, kwa hivyo picha nzima ni namba 12,288. Enkoda iliibana ikapita kwenye mlango wa namba 1,024. Yaani kwa kila namba 12 zilizoingia, moja tu ndiyo iliyopita. Ukilazimishwa kufupisha kiasi hicho, huwezi kubeba kila kitu. Unabeba yale ya muhimu: kichwa kimeelekea wapi, macho yamefumbuka kiasi gani, mdomo uko wazi au umefungwa, mwanga unatoka upande gani.

Sasa ujanja wenyewe ni huu. Tuseme tuna picha nyingi za mwigizaji na picha nyingi za mpwa. Tunatumia enkoda moja kwa wote wawili, lakini dikoda mbili: moja ya mwigizaji na nyingine ya mpwa. Kila mmoja anafunzwa kwa picha zake mwenyewe. Picha ya mpwa inabanwa, dikoda ya mpwa inaijenga tena, na kompyuta inalinganisha iliyojengwa na ile ya asili. Ikikosea inajirekebisha kidogo. Mwigizaji naye hivyohivyo. Hii hurudiwa mara maelfu kwa maelfu.

Kwa kuwa enkoda ni moja, inalazimika kujifunza lugha inayowafaa wote wawili, lugha ya mikao na miondoko. Sura yenyewe, yaani upana wa pua, umbo la midomo, rangi ya ngozi, inahifadhiwa ndani ya dikoda ya kila mmoja.

Siku ya kubadilisha, waya zinavukishwa. Picha ya mwigizaji inaingia kwenye enkoda, lakini matokeo yanapelekwa kwenye dikoda ya mpwa. Dikoda hiyo haijui kujenga uso mwingine ila wa mpwa. Inapokea ujumbe unaosema, "kichwa kimeinama kushoto, mdomo wazi," na inamchora mpwa akiwa ameinamisha kichwa kushoto, mdomo wazi.

Angalia inachogharimu. Ili dikoda ya mpwa ifunzwe vizuri, zinahitajika picha zake mamia hadi maelfu, kutoka pande zote na katika mwanga tofauti, halafu siku kadhaa za kompyuta yenye kadi nzuri ya grafiki, ile watu wa gemu hununua. Na baada ya kazi yote hiyo, dikoda hiyo inamfaa mpwa peke yake. Ukitaka kumwiga binamu yake, unaanza upya. Ndiyo maana miaka ile walioigwa zaidi walikuwa wanasiasa na waigizaji wa filamu, watu wenye video nyingi hadharani.

Kwa nini otoenkoda huacha ukungu

Hapa twende polepole kidogo, kwa sababu tofauti yote inatoka hapa.

Otoenkoda hujisahihisha kama mwalimu mwenye karatasi ya majibu. Inalinganisha pikseli kwa pikseli: imeweka namba ngapi, jibu lilikuwa ngapi, imekosea kwa kiasi gani. Halafu inatafuta njia ya kupunguza jumla ya makosa.

Chukua pikseli moja kwenye nyusi ya mpwa. Nyusi ni nywele nyembamba, na katika picha zake hazilali mahali palepale kila wakati. Tuseme kati ya picha 10, kwenye pikseli hiyo kuna unywele katika picha 3, na ngozi tupu katika picha 7. Unywele ni mweusi, tuupe namba 0. Ngozi tuipe 200. Zile namba chache zilizopita mlangoni hazitoshi kusema unywele uko wapi leo, kwa hivyo dikoda inabidi ikisie jibu moja la picha zote.

Ikisema "unywele", yaani 0, itakosea mara 7, kila kosa 200: jumla 1,400. Ikichagua katikati, yaani 100, itakosea mara zote 10, kila kosa 100: jumla 1,000. Ikisema "ngozi", yaani 200, itakosea mara 3 tu: jumla 600.

Jibu lenye makosa machache zaidi ni ngozi. Basi dikoda inajifunza kufuta unywele. Rudia hesabu hiyo kwa kila pikseli ya nyusi, ndevu changa, vinyweleo, mikunjo ya macho na mistari ya midomo. Kila kitu chembamba kinachohamahama kinafutwa, na unabaki na uso laini kama ulipakwa mafuta na kupanguswa na kitambaa. Kumbe ule ukungu haukuja kwa sababu kompyuta ilikuwa dhaifu. Ulikuwa jibu sahihi kwa swali iliyoulizwa.

Na ndiyo sababu watu walifundishwa kutafuta ukungu.

GAN: mchoraji na mkaguzi

Mwaka 2014, Ian Goodfellow na wenzake katika Chuo Kikuu cha Montréal, Kanada, walichapisha wazo tofauti. Badala ya karatasi ya majibu, waliweka mpinzani. Herufi GAN ni kifupi cha jina la Kiingereza, na maana yake kwa Kiswahili ni mitandao zalishi pinzani: programu mbili zinazofunzwa kwa kushindana.

Ya kwanza tuiite mchoraji. Kazi yake ni kutengeneza picha. Ya pili tuiite mkaguzi. Mkaguzi huletewa picha, wakati mwingine ya kweli na wakati mwingine ya mchoraji, bila kuambiwa ni ipi. Hutoa alama kati ya 0 na 1. Karibu na 1 maana yake "naona hii ni ya kweli", karibu na 0 maana yake "hii ni feki".

Fikiria mama wa duka anayepokea noti ya elfu moja. Anaipapasa, anaiinua kwenye mwanga, anatafuta alama. Anayetengeneza noti feki akikataliwa, anaenda kurekebisha. Sasa fikiria mama wa duka anayelazimika kumwambia mkora, kila mara, ni mahali gani hasa pamemfanya ashuku. Hivyo ndivyo GAN hufanya kazi. Alama ya mkaguzi hurudishwa kwa mchoraji pamoja na mwelekeo: pikseli hizi zikibadilika hivi, alama yako itapanda. Mchoraji anarekebisha. Mkaguzi naye anaona picha mpya, anakuwa mkali zaidi. Mchuano unaendelea hivyo hadi picha feki ziwe ngumu kutenganisha na za kweli.

Sasa rudi kwenye nyusi yetu. Mchoraji akileta nyusi laini isiyo na unywele, mkaguzi ambaye ameona maelfu ya nyusi za kweli ataipa labda 0.05. Hajali kama kwa wastani pikseli ziko karibu na jibu. Anachojua ni kwamba hakuna binadamu mwenye nyusi kama hiyo. Njia pekee ya mchoraji kupata alama nzuri ni kuchora nywele kamili, nyeusi, mojamoja. Zikiwa mahali tofauti kidogo na pale zilipo kwa mpwa, si kitu. Mkaguzi haulizi, "Je, unywele uko mahali pake?" Anauliza, "Je, unafanana na unywele?"

Hapo kuna jambo ambalo ni rahisi kulipita. GAN huleta picha kali na yenye vinyweleo, lakini vinyweleo hivyo vimebuniwa. Otoenkoda ikiwa haijui, hufuta. GAN ikiwa haijui, hutunga. Kwa mtu anayetazama, kutunga kunashawishi zaidi kuliko kufuta.

Njia hii nayo ina ugumu wake. Mkaguzi akiwa mkali sana mapema, kila kinacholetwa anasema "feki", na mchoraji hapati mwelekeo wa kujifunza. Akiwa mlegevu, mchoraji anazoea kudanganya kwa ujanja uleule mmoja. Kulinganisha hao wawili ndiyo kazi ngumu ya kufunza GAN.

Kutoka picha elfu hadi picha moja

Hapo kwa shangazi yetu tapeli hakuwa na picha 1,000 za mpwa. Alikuwa na moja: picha ya profaili. Imewezekanaje?

Mwaka 2019 watafiti Nirkin, Keller na Hassner walionyesha mfumo walioupa jina FSGAN, ambao ungeweza kubadilisha sura za watu wawili bila kufunzwa upya kwa ajili yao. Mwaka uliofuata ukaja mwingine, SimSwap, na huu tuutumie kama mfano.

SimSwap ilifunzwa kwa hazina ya picha inayoitwa VGGFace2, yenye picha zaidi ya milioni 3 za watu zaidi ya 9,000. Haikufunzwa kumjua mtu mmoja. Ilifunzwa kazi yenyewe ya kubadilisha sura, kwa watu wengi sana, mpaka ikawa inaweza kuifanya kwa mtu ambaye haijawahi kumwona.

Picha ya profaili ya mpwa inaingizwa kwanza kwenye programu ya kutambua nyuso, ya aina ile inayotumika kufungua simu. Programu hiyo inaugeuza uso kuwa orodha ya namba mia kadhaa, aina ya alama ya kidole ya sura. Picha mbili za mpwa zitatoa orodha zinazokaribiana, hata kama moja anacheka na nyingine amenuna. Kisha mchoraji hupokea picha ya mwigizaji kutoka kwenye video, anaichambua, anachanganya ndani yake namba za sura ya mpwa, na kuijenga upya.

Utauliza, anajuaje kama amepatia? Hakuna karatasi ya majibu hapa. Hakuna picha ya kweli ya mpwa akiwa ameketi mahali pa mwigizaji, na mkao wake, na mwanga wake. Kwa hivyo mchoraji anapimwa kwa njia nyingine. Programu ya kutambua nyuso inauliza, "Huyu anafanana na mpwa?" Kipimo kingine kinauliza, "Mkao na mwanga ni vile vya mwigizaji?" Na mkaguzi wa GAN anauliza, "Hii inaonekana kama picha ya kweli?" Lazima awaridhishe wote watatu pamoja.

Ni vizuri tuwe wakweli: picha moja inatosha kwa sababu ya ile orodha ya namba za sura na kufunzwa kwa watu wengi. Mkaguzi wa GAN ndiye anayefanya matokeo yasiwe ukungu. Vyote viwili vikikutana, mtu wa kawaida, asiye mbunge wala msanii, anaweza kuigwa kwa selfi moja.

Je, ni maadui?

Watu hupenda kuuliza, "Ipi bora?" Swali lenyewe limekaa vibaya. Otoenkoda ni namna ya kujenga: bana, kisha banua. GAN ni namna ya kusahihisha: kwa mpinzani badala ya karatasi ya majibu. Unaweza kuwa na vyote ndani ya mfumo mmoja. Mchoraji wa SimSwap mwenyewe ana sehemu ya kubana na sehemu ya kubanua.

Mfano mwingine ni DeepFaceLab, programu iliyotumika sana kutengeneza video za aina hii. Msingi wake ni otoenkoda. Lakini ndani yake kuna kitufe cha kuongeza nguvu ya GAN, na kwa kawaida huwekwa sifuri. Maelekezo yake yanasema kisiwashwe mpaka uso uwe umefunzwa vya kutosha. Ukikiwasha mapema, uso hupata madoa na michoro ya ajabu. Ukikiwasha mwishoni, kinaongeza vinyweleo na mikunjo midogo ambayo otoenkoda ilikuwa imeifuta. Yaani otoenkoda hujenga nyumba, GAN hupiga plasta na rangi.

Kwa hivyo tofauti ya kubeba nyumbani ni hii. Otoenkoda ya asili inahitaji picha nyingi za mtu mmoja, na hukosea kwa kufuta. Mfumo wa GAN uliofunzwa kwa watu wengi unahitaji picha moja, na hukosea kwa kutunga.

Basi kosa la kutunga linaonekanaje?

Turudi kwenye zile sekunde 40. Tuseme mpwa ana mwanya kati ya meno ya mbele, na kwenye picha yake ya profaili ametabasamu akiwa amefunga mdomo. Programu haijawahi kuyaona meno yake. Mwigizaji akifungua mdomo, meno yatakayotokea ni ya mwigizaji au ya kubuniwa. Mwanya haupo. Mgeni hawezi kuliona hilo, wewe shangazi unaweza. Masikio pia ni ya mwigizaji, na umbo la kichwa, na mstari wa nywele.

Dalili ya pili iko kwenye mwendo. Katika mifumo kama SimSwap, mkaguzi hukagua picha mojamoja. Hajawahi kuulizwa kama picha hii inafuatana vizuri na iliyotangulia. Kwa hivyo kila picha peke yake inaweza kuwa safi kabisa, lakini zikipita kwa kasi, nyusi zinacheza kidogo, mstari wa taya unatetemeka, kivuli cha pua kinaruka. Usiangalie uso ukiwa umetulia. Angalia ukigeuka.

Ya tatu ni upande. Picha moja ya mbele haionyeshi pua ikiwa pembeni. Mtu akigeuza kichwa kabisa mpaka unaona sikio moja tu, programu nyingi huanza kupoteza alama za macho na mdomo, na uso unaweza kuyumba au ule wa mwigizaji ukachungulia. Mkono ukipita mbele ya uso, vidole vinaweza kumezwa na shavu. Ukiwa na shaka, mwambie, "Hebu geuka kabisa upande mmoja, halafu upitishe mkono mbele ya uso polepole." Mpwa wa kweli atakushangaa lakini atafanya. Tapeli mara nyingi atakumbuka ghafla kwamba netiwaki ni mbaya.

Lakini hapa tunakuwekea breki. Dalili hizi zote zinaweza kufichwa. Simu ya video hubanwa ili ipite kwenye bando, na kule kubanwa huleta ukungu na kuganda hata kwa mtu wa kweli. Skrini ya simu ni ndogo. Na mifumo mipya inaendelea kufunzwa isiteteme na iweze kugeuka. Kukosa kuona kasoro si ushahidi kwamba mtu ni wa kweli. Sauti nayo hutengenezwa kwa programu nyingine tofauti kabisa, kwa hivyo sauti kufanana si ushahidi pia.

Walioamini macho yao Hong Kong

Mapema mwaka 2024, polisi wa Hong Kong walieleza kisa cha mfanyakazi wa idara ya fedha aliyepata ujumbe wa kumtaka afanye malipo ya siri. Mwanzoni alishuku. Kisha akaalikwa kwenye mkutano wa video, akawaona mkurugenzi wa fedha na wenzake wengine aliowafahamu, na shaka ikaisha. Alituma jumla ya dola milioni 200 za Hong Kong, karibu dola milioni 25 za Marekani, kwa miamala 15. Wote aliowaona mkutanoni walikuwa feki, na polisi walisema zilitumika video zilizokuwa zikipatikana hadharani. Mwezi Mei mwaka huo kampuni ya uhandisi ya Arup ilithibitisha kwamba ndiyo iliyotapeliwa. Ujanja huo uligunduliwa pale mfanyakazi huyo alipowasiliana na makao makuu kwa njia nyingine.

Tazama mpangilio wake. Ujumbe ulimpa shaka, uso ukaiondoa. Kilichomfumbua macho si kuukagua uso vizuri zaidi, ni kuuliza kupitia njia ambayo matapeli hawakuishika.

Kabla hujabonyeza tuma

Kwa hivyo shangazi afanye nini saa hiyo ya usiku? Akate simu, apige namba ya zamani ya mpwa, ile aliyoihifadhi yeye mwenyewe. Ikiwa haipatikani, ampigie mama yake mpwa, au mwenzake wanayekaa chumba kimoja. Aulize kitu ambacho hakiko kwenye picha wala kwenye mtandao, kama vile mbwa wa cucu anaitwaje. Familia nyingine zimekubaliana neno moja la siri la wakati wa dharura, na hilo halina gharama yoyote.

Na akifika kwenye hatua ya kutuma, asome jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kuthibitisha muamala. Uso unaweza kubuniwa kwa picha moja. Jina lililosajiliwa kwenye ile laini ni jambo lingine, na likiwa la mtu usiyemjua, usitume mpaka umempata mpwa mwenyewe kwa namba yake.

Dakika mbili za kupiga simu hazitamdhuru mpwa aliye hospitali kweli. Na kama ni yeye, atakuambia jina la mbwa.